Aliyekosekana Ghala la Tatu

Mimi sipendi kuchezewa, na namba zikinichezea nazifuata hadi mwisho. Ukurasa wa nne wa ripoti ya mwaka ya kampuni yetu ya maghala, hapa ughaibuni, bandari ya Jebel Ali, ulisema watu kumi na watano waliumia kazini. Jedwali la ukurasa wa thelathini na moja linaonyesha ghala mojamoja. Nililijumlisha mara tatu: kumi na wanne. Ala! Huyo mmoja kaenda wapi?

Niliogopa kwamba namjua. Shem wa Ghala la Tatu alibanwa mkono na foklifti, gari la kuinulia mizigo, mwezi wa tisa, akapoteza vidole viwili. Kila wiki alikuja mezani kwangu, mimi karani wa ofisi ya usalama, kuulizia fidia, na kila wiki nilimjibu nilivyoambiwa nijibu: hakuna rekodi kwamba uliumia kazini. Sasa jedwali lilisema ghala lake halikuwa na majeruhi hata mmoja.

Nikaipeleka ripoti kwa Madam Lamees, meneja wa usalama. Hakuinua hata macho.

"Badilisha kumi na tano iwe kumi na nne, Phyllis. Ripoti inaenda kwa mchapaji saa kumi. Khalas, yamekwisha."

Haraka ya nini? Nikasema moyoni, huyu mama ana lake jambo. Nikafungua jedwali la siku zilizopotea kwa sababu ya majeraha, ambalo hutoka kwa watu wa mahudhurio. Ghala la Tatu: siku arobaini na moja. Majeruhi hakuna, siku arobaini na moja zimepotea! Nani aliyelazwa, kivuli?

Ile jumla ya kumi na tano ilitoka zahanati yetu, inayomwandika kila anayeletwa ameumia. Jedwali la maghala hutokana na fomu za wasimamizi. Nikaitafuta fomu ya Septemba, nikiwa na hakika nitaona saini ya Lamees. Saini ilikuwa ya Duncan, binamu yangu, msimamizi wa Ghala la Tatu. Ameandika: majeruhi, hakuna.

Nikampigia simu. "Duncan, Shem aliumia ama hakuumia?"

"Dada, ghala likitimiza mwaka mzima tangu ajali ya mwisho, kila mtu hupewa tiketi ya kwenda nyumbani. Zilibaki siku kumi na moja. Watu walinisihi." Akashusha sauti. "Na wewe ulikuwa unalia mama ni mgonjwa. Ile tiketi yangu niliyoomba iandikwe jina lako, ulidhani ilitoka wapi?"

Nilikata simu. Kwa tiketi hiyo nilifika nyumbani Desemba, mama nikamkuta hai, nikamnywesha uji kwa mkono wangu siku nne kabla hajatuacha. Mungu wangu, nililia kwa hasira na aibu palepale ofisini.

"Phyllis, yalla, haraka! Umerekebisha?" Lamees aliita.

"Nimerekebisha, madam. Kumi na tano ni sahihi. Jedwali ndilo lililokosea, na karatasi ya zahanati nimeiambatisha. Nakala nimewatumia watu wa fidia."

Shem alikuja saa tisa, kama kawaida yake. "Dada Phyllis, kuna habari?"

"Iko, Shem. Keti," nikasema. Nilishindwa kuutazama mkono wake. "Lakini kwanza nikuambie nilivyoenda nyumbani Desemba."