Habibu Alipimwa

Ugonjwa wa Mwanne ulianza kwa mwasho, naye akadhani ni joto la kiangazi. Kisha yakaja maji, ya manjano yenye ukijani, yana povu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, na harufu yake ilimfanya akae mbali na watu kwenye mkeka. Akienda haja ndogo alikuwa akiuma kidole asipige kelele. Mumewe akimsogelea, ndiyo kabisa, machozi yalimtoka hata kabla hajaguswa.

Wakati huo Biharamulo ilikuwa chini ya Mwingereza, na Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa bado havijaanza. Habibu, mumewe, alikuwa mtu wa kusafiri. Alipakia chumvi na kaniki akaenda Ngara, akarudi na ngozi na maharage, na kila aliporudi mji mzima ulijua, maana alikuwa mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Mwanne alimpenda mno. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani alikuwa akitafuta njia ya kuondoka. Alikuwa akitafuta njia ya kubaki, kubaki na mume huyo na binti yao Sharifa, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusokotwa nywele.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siri ya mke aliijua mama mkwe. Bi Mwatumu aliona nguo za ndani zinafuliwa peke yake, zinaanikwa nyuma ya choo. Hakugomba. Alikaa na Mwanne jikoni, akamshika goti.

"Mwanangu, una ugonjwa wa ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Basi utakwenda kwenu ukauguzwe. Ukipona utarudi. Ndivyo tulivyofanyiwa na sisi."

Hiyo ndiyo desturi ya nyumba zile za wafanyabiashara waliotoka pwani. Mke akipata ugonjwa wa siri, mume hasumbuliwi. Mke hufunga furushi lake la nguo, huenda kwa wazazi wake, anaugulia huko, anarudi mzima. Desturi nzuri kwa homa. Kwa ugonjwa huu, hakuna aliyeona kwamba ilikuwa inamtibu mtu nusu.

Sharifa alibaki kwa bibi yake. Mwanne akaenda Nyamahanga kwa baba yake, mzee Yahaya, ambaye hakuuliza kitu, akampa chumba cha nyuma. Shangazi yake alimchemshia mizizi ya kujifukiza. Mwasho ukazidi. Ndipo mwanamke mmoja jirani, Mkatoliki kutoka Ngara aliyeitwa Esperansia, akamwambia kwamba kule misheni yuko Sista mwenye darubini.

"Ile si ya malale?" Mwanne akauliza. Watu wote walimjua kijana wa darubini, Protasi, maana malale yalikuwa yakiua, na kila mtu alishatobolewa kidole damu yake itazamwe.

"Ni ya malale, lakini haichagui. Ukiiwekea kitu itakuonyesha."

Mwislamu kwenda kuvuliwa nguo misheni halikuwa jambo dogo. Mwanne alijifunika buibui mpaka machoni, akaenda.

Sista alimlaza, akatazama, akasema pamevimba na pana vidoadoa vyekundu ndani. Akachukua maji yale kwa kijiti chenye pamba, akamwita Protasi. Protasi alikuwa na msururu wa watu wa malale mpaka nje. Akasema, "Weka hapo, nakuja." Alipokuja jua lilikuwa limeshageuka. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema haoni kitu.

Sista alikasirika, masikio yakawa mekundu. "Wadudu hawa wanajulikana kwa mwendo wao, Protasi. Wakipoa wanaganda, na wakiganda hutawatofautisha na chembe za usaha. Tuanze upya."

Akachukua tena. Safari hii tone la maji ya chumvi lilikuwa limeshawekwa kwenye kioo, la vuguvugu, na Protasi akainama pale pale. Hakukaa hata kidogo kabla ya kuita, "Hawa hapa! Wanaogelea!"

Sista akamwachia Mwanne naye atazame. Mwanne akafumba jicho moja. Mwanzo aliona ukungu, kisha ukungu ukatulia, na ndani yake vijidudu vyenye umbo la tone la maji, vina nywele kichwani, vinatingishika na kujirusharusha. Vilikuwa vingi. Alirudi nyuma akashika kifua.

"Vimetoka wapi?"

"Vinapita kwa tendo la ndoa, toka kwa mmoja kwenda kwa mwingine," Sista akajibu. "Nani alianza, darubini haisemi. Mtu anaweza kukaa navyo muda mrefu bila kujua, hasa mwanamume. Mumeo anaumwa?"

"Hapana. Ni mzima kama ng'ombe."

"Huenda anavyo hivyo hivyo. Kwako vinaunguza, kwake vimelala. Lazima naye aje."

Siku hizi ugonjwa huu si kitu. Vipo vidonge, mume na mke wanavimeza wakati mmoja, wanaacha kukutana mpaka wamalize dawa na dalili ziishe, basi. Lakini enzi za Mwanne vidonge hivyo havikuwa vimegunduliwa duniani. Sista alikuwa na tembe za kuwekwa ndani, zenye sumu kidogo ya kuua wadudu, na kwa mwanamume alikuwa na dawa ya zambarau ya kuoshea njia ya mkojo, ambayo yeye mwenyewe alikiri haina nguvu sana. "Jambo la maana," alisema, "msikutane mpaka tuwe na hakika kwamba mmepona wote wawili." Mwanne aliitikia. Angemwambiaje Habibu, naye yuko Ngara?

Akawekewa tembe zile, akavumilia. Povu likaisha, harufu ikaisha, Protasi akatazama tone la vuguvugu zaidi ya mara moja asione kinachoogelea. Mwanne akarudi Biharamulo amepaka wanja. Habibu alimpokea kwa kanga mpya na mzaha tele, na Mwanne hakuwa na moyo wa kuanza maneno ya dawa usiku wa kurudi. Kesho, alijiambia. Haikupita muda mwasho ukarudi, na povu lake.

Akarudishwa kwao tena. Akatibiwa tena, akapona tena. Na hapo ndipo maneno yalipoanza barazani. Akienda kwa baba yake anapona, akija kwa mumewe anaugua. Wengine walisema nyumba ya Habibu imerogwa. Waliomchukia walisema Nyamahanga ana mtu, huyo ndiye dawa yake. Mzee Yahaya aliyasikia akaacha kula na wenzake.

Mwanne aliporudi safari hiyo hakumruhusu mumewe amguse. Alipiga magoti mbele yake, mchana, mlango umefungwa, akamweleza yote: wadudu, mwendo wao, namna wanavyolala kwa mwanamume.

"Baba Sharifa, nakuomba. Nenda kwa Sista ukatibiwe. Ukitibiwa wewe, mimi sitaugua tena."

"Mimi nakojoa kama bomba. Nitibiwe nini?"

"Nenda kwa ajili yangu tu."

Habibu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Alimwonea huruma. Akasema, "Haya, nitakwenda. Lakini nipimwe kwanza. Hiyo darubini ikisema ninao, nitaoshwa. Ikisema sina, tuache." Mwanne akaona hilo ni la haki. Yeye mwenyewe aliwaona wadudu kwa jicho lake; angeshindwaje kuamini kwamba wataonekana na kwa mumewe? Akambusu mkono, akamshukuru Mungu.

Wakaenda wote. Habibu akatoa mkojo wake. Protasi, ambaye sasa alikuwa amejifunza, aliutazama ungali na joto, akauzungusha kwa mashine ya mkono ili mashapo yatuame, akautazama tena. Hakuona kitu.

"Sina!" Habibu akasema, akasimama.

Sista akatoka mbio mlangoni. "Bwana Habibu, ngoja. Kwa mwanamume wanajificha. Mara nyingi wamo na hawaonekani. Mkeo akiwa nao, wewe tunakutibu hata tusipokuona na kitu. Usipotibiwa unamrudishia."

"Sista, si wewe uliyesema darubini inaonyesha? Kwa mke wangu mliona, mkaamini. Kwangu hamkuona, hamtaki kuamini. Nyinyi mnataka nini kwangu?"

Mwanne alimshika kanzu. "Mume wangu, mimi ndiye niliyekuleta, lakini sikujua hili. Msikilize."

"Nimesikiliza. Wewe unao, mimi sina. Umewapata kwa nani?"

Swali hilo alilisema taratibu, na uso wake ulikuwa umeumia kweli kweli. Sista akaanza kueleza kwamba ugonjwa hausemi nani alianza, na kwamba mtu anaweza kuwa nao tangu miaka iliyopita, lakini Habibu alikuwa ameshafika barabarani. Mwanne alibaki ameshika hewa pale kanzu ilipokuwa.

Talaka ilitoka jioni hiyo mbele ya mashahidi, na barazani hakuna aliyemlaumu Habibu. Alikuwa amefanya nini? Alikuwa amekubali hata kupimwa na Wazungu, akaonekana safi. Sharifa alilia ameng'ang'ania mguu wa mama yake mpaka Bi Mwatumu akamwondoa kidole kimoja kimoja, naye Bi Mwatumu akilia.

Mwanne akakaa eda yake Nyamahanga. Alitibiwa na akapona, safari hii moja kwa moja, na kupona kwake kukawa ushahidi mwingine dhidi yake. Alikuwa mzima mwili mzima, na hakuna siku iliyopita bila kutamani kufa. Habibu alioa binti wa Runazi, aitwaye Mwanaidi, mtoto mtoto bado.

Mvua zilipokatika, Bi Mwatumu alifika Nyamahanga kwa miguu. Nyuma yake alikuwa msichana aliyejifunika, anatembea amepanua miguu kidogo kama mwenye kidonda. Mwanne aliwaona tangu uwanjani. Alidhani wamekuja kumrudisha. Wazo hilo lilimkaa kwa muda mfupi tu, nalo lilikuwa la mwisho zuri alilolipata kwa Habibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mwatumu hakuinua macho. "Huyu ni mdogo wako, Mwanaidi. Ana yale maji. Yana povu. Nikasema wewe unaijua njia ya kwa Sista, umpeleke. Harudi nyumbani mpaka apone."

Msichana alisimama akitazama chini. Mwanne aliisikia ile harufu, akaijua kama mtu anavyoijua nyumba yake. Aliteremka kizingitini, akamshika mkono, na mkono ulikuwa wa moto. Kisha akamgeukia mama mkwe wake wa zamani.

"Na Habibu je, mama? Habibu anakuja lini?"

Bi Mwatumu alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Habibu aje kufanya nini, mwanangu? Habibu ni mzima. Si ulimpeleka wewe mwenyewe, akapimwa?"