Moja Yenye Pua Ndefu

Mashine ilikuwa imeshasoma ankara zote za jiko la hospitali, mia mbili na nne, na jina moja lilikuwa limewekwa alama nyekundu: Hatungimana wa Simbo, muuza mahindi. Mashine ilisoma magunia 77. Daftari la stoo lilionyesha yamepokelewa 11. Mhasibu Oswald alikuwa tayari na kalamu mkononi, amwondoe kwenye orodha ya wauzaji.

Lyse, aliyezipitisha karatasi zile kwenye skana, alikuwa binti wa Hatungimana huyo. Walikuwa wamemzika baba mwezi Machi, na mama yake Lyse ndiye aliyekuwa akiendelea kuleta mahindi.

Lyse hakubisha. Aliomba karatasi yenyewe, akaiweka dirishani, penye mwanga wa ziwa. Baba alisomea Burundi. Moja yake ilikuwa na pua ndefu inayopanda kutoka chini. Saba yake ilifungwa mkanda kiunoni. Mashine ilizoea moja iliyo kama fimbo, ikaiona kila pua kuwa saba. Hata tarehe 11 Januari mashine ilikuwa imeisoma tarehe 77.

“Binti, baba ni baba,” Oswald alisema taratibu. “Nani atakuamini?”

Kweli. Basi Lyse akamwachia Yunisi wa stoo kazi ya kuchapa kwa mkono ankara hamsini, yeye akakaa mbali. Walipolinganisha na usomaji wa mashine, majina ya wauzaji yalikuwa sahihi yote. Makosa ya tarehe, idadi na jumla yalikuwa ishirini na matatu, na kila moja lilitoka kwenye pua ile.

Hapo Lyse akaiongezea mashine masharti: idadi mara bei iwe sawa na jumla ya mstari, mistari yote ijumlishwe, ifikie jumla kuu, tarehe iwe ya kweli. Ankara isiyotimiza, mtu aitazame karatasi. Magunia 77 kwa elfu sitini kila moja hayawezi kuwa laki sita na elfu sitini. Kumi na moja yanaweza.

Za baba zilizokwama wakazisahihisha kwa kutazama karatasi, zikakubali zote isipokuwa mbili. Ya kwanza, ya Agosti, ilikosewa kwenye karatasi yenyewe: hospitali ilitozwa elfu kumi zaidi. Oswald akamtazama Lyse, naye akainamisha uso.

Ya pili, ya Septemba, ilikuwa na mstari usio na idadi wala bei, ambao mashine iliusoma kuwa elfu sabini iliyotolewa. Yunisi akausoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi: “Kurudisha nilichozidisha Agosti, nilikosea kujumlisha. Toa 10,000.”

Hakuna aliyekuwa amemdai. Alikuwa amejikagua mwenyewe huko Simbo, kwa kalamu na taa ya mafuta, kabla mashine yoyote haijaletwa.

Oswald alifunga kalamu yake. Akaishika ile karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mkubwa wake, akamrudishia Lyse.