Draya Iliyozimika Kwenye Mtihani

Draya ya kukaushia nywele ilizimika nikiwa kisogoni mwa wifi yangu, niliyemleta nimtengeneze nywele kwenye mtihani, zimebaki dakika arobaini. Ulikuwa mtihani wangu wa tatu wa ususi, na wa mwisho: ukifeli mara tatu chuo hakikusajili tena, na saluni ilikuwa imeniambia wazi, bila cheti nisirudi. Kila mtu na vifaa vyake, kuazima marufuku.

"Imekufa?" aliuliza wifi, maji yakimchuruzika shingoni.

"Nyamaza, wifi. Imezidiwa na joto tu."

Ndani mna kidude kinachokata umeme draya ikichemka. Ikipoa, kinarudisha chenyewe. Nikaigeuza nyuma. Wavu wa kuvutia hewa ulikuwa umeziba kwa nywele na vumbi lililoganda na mafuta. Aibu gani hii, na mimi ndiye ninayewasema wenzangu kwa uchafu! Nikachomoa plagi, nikausugua kwa mswaki, nikasubiri. Dakika saba zikaenda hivyohivyo. Ilipowaka nusura niibusu.

Nikamaliza kisogo, nikamaliza upande wa kulia, nywele zimenyooka hasa. Nikageuza mkono kuhamia kushoto. Ikazima.

Hapo nikafanya upumbavu wangu mkubwa. Wavu ulikuwa safi, hewa ilikuwa inatoka kwa nguvu, lakini akili yangu ilikuwa imeng'ang'ania joto. Nikaiweka mezani, nikasubiri tena. Dakika nane nzima nimesimama kama mlingoti, mama mtahini anaandika.

Nilipoinyanyua ikanguruma, ikanyamaza. Nikakunja waya pale unapoingia kwenye mpini: ikawaka. Nikaachia: kimya. Miaka minne, kila nikifunga kazi, nilikuwa nauzungusha waya kwenye mpini na kuukaza, najisifu kwa unadhifu. Nyuzi za ndani nilikuwa nimezikata mwenyewe, kidogo kidogo.

Nikaubana kwa kidole gumba, nikaendelea. Waya ukaanza kupata moto. Ukatoa mlio mdogo, tss, na harufu ya plastiki inayoungua.

"Endelea," wifi alininong'oneza. "Mimi siogopi."

Mimi niliogopa. Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa bado umelowa maji, na ana watoto wawili wa kaka yangu. Nikachomoa plagi.

Mtahini alikuja, akaunusa waya, akashika nywele upande huu na ule.

"Umefanya vyema kuchomoa, mwanangu," alisema taratibu. "Ungeendelea ningekusimamisha mimi. Lakini nusu kichwa siwezi kukipa alama za kichwa kizima."

Nililia pale pale, mbele ya wanafunzi wote, bila hata kujificha. Kisha nikatoa kitambaa nimfunge wifi kichwa kabla hatujatoka barabarani, maana kushoto nywele zilikuwa zimejikunja na kusimama ovyo.

Akanishika mkono. "Acha wazi."

"Watu watakucheka, wifi."

"Wacheke. Na wauone na upande huu ulioumaliza."

Akatangulia mlangoni, akapita huku upande wake wa kulia, ule ulionyooka, ukiwaelekea wanafunzi waliobaki.