Mtoto Aliyedhaniwa Kukataa Jina

Kwaru, kwaru, kwaru.

Kulikuwa bado giza huko Kimulot, na ukungu wa msitu wa Mau ulikuwa umelala juu ya majani chai kama blanketi lililosahauliwa nje. Phyllis alikuwa jikoni akisugua ndani ya kibuyu cha maziwa kwa kijiti kilichochomwa ncha, ili mkaa wake uyape maziwa ladha na harufu yake. Kazi hiyo aliianza akiwa bibi harusi. Mikono yake iliifanya yenyewe, huku masikio yake yakingoja kitu kingine.

Zamani, yaani kabla ya surua, sauti ya kibuyu ndiyo iliyomwamsha Chelang'at. Kijiti hakikuwa kikimaliza mzunguko wa pili kabla ya mjukuu huyo wa miaka mitatu kuita kutoka chumbani, "Kogo! Chego!" Bibi, maziwa. Kisha angekuja mbio akiwa hana viatu, akijikunyata kwa baridi, na kusimama karibu na jiko akisimulia habari zisizo na mwisho.

Asubuhi hii Phyllis alisugua hadi kibuyu kikang'aa. Chumbani kukawa kimya.

Mkwewe, Chepkemboi, mama wa mtoto, alitoka akijifunga aproni ya plastiki ya kuchumia chai.

"Bado amelala?"

"Bado."

"Jana nilimwita mara ngapi sijui, akanipa mgongo. Nikamchapa kidogo, Mama. Sasa roho inaniuma."

"Usimchape," Phyllis alisema. "Si yeye. Ni jina."

Hapo ndipo walipokuwa wamefika. Surua ilimshika Chelang'at mwanzoni mwa mvua, ikampandisha homa hadi akatetemeka mwili mzima, na akalazwa. Aliporudi nyumbani vipele vilikuwa vimekauka na hamu ya kula imerudi. Akakimbiza kuku. Akavuta mkia wa ndama. Nani angesema ni mgonjwa? Lakini jina lake, ambalo zamani lilimgeuza kama kamba, halikumgeuza tena. Maneno nayo yalianza kupotea moja moja. Alikuwa akisema "ndama anakunywa". Sasa alinyoosha kidole tu na kuguna.

Kwa Wakipsigis mtoto huzaliwa na jina la mtu wa ukoo aliyetangulia. Wanawake humwita kwa majina ya marehemu mmoja mmoja, na jina linalomfanya apige chafya ndilo lake la ukoo, kando ya lile la kuitwa kila siku. Chelang'at alipiga chafya kwa jina la Tapkigen, mama mkwe wa Phyllis, mwanamke aliyekuwa mkali lakini hakumnyima mgeni chakula. Na wazee husema kwamba mtoto akiugua sana, au akilia bila sababu, huenda jina halikuwa lake. Basi huitwa upya. Phyllis alikwenda kanisani kila Jumapili, lakini jambo hili hakuona linamkosea Mungu.

Kwa hiyo Jumamosi ile alikuwa anamngoja wifi yake, Sally, dada mkubwa wa marehemu mumewe, aje kutoka Roret pamoja na wanawake wawili wa ukoo.

Muuguzi aliyewaruhusu kutoka wodini alikuwa amesema jambo. Alimshika Phyllis mkono, akasema kwamba homa kali ya surua huweza kugusa masikio, na kwamba mtoto arudishwe hospitali kupimwa masikio katika wiki chache, hata akionekana mzima. Phyllis aliitikia kwa heshima. Lakini majani chai yalikuwa yamejaa, mwanawe Kipkirui alikuwa barabarani na lori la majani usiku na mchana, na mtoto mwenyewe alikuwa anakimbiza kuku. Maneno ya muuguzi yakaenda kukaa nyuma ya mambo mengine.

*

Sally alifika jua likiwa limepasua ukungu. Alikuwa mnene, mcheshi, na aliingia na chupa ya maziwa kwapani na kelele mbele yake.

"Chamgei! Hamjambo nyote! Nyumba gani hii haina chai tayari, na chai iko mpaka mlangoni?"

"Imeiva, wifi. Kaa basi upumzike."

"Nikikaa sitainuka. Yuko wapi huyo anayetuchezea?"

Chelang'at aliketi sakafuni, mgongo kwa wageni, akipanga vitunguu. Vitunguu vilikuwa vya Wacera, jirani mwenye kibanda cha mboga pale senta, aliyekuja kusaidia kupika. Wazazi wake walihamia huku kutoka Murang'a yeye akiwa mdogo, na Kipsigis alikisema kama mwenyeji. Mwanawe mkubwa ni Nganga, basi kila mtu alimwita Mama Nganga.

Sally alitoa tumbaku ya kunusa, ya kuita chafya. Wanawake wakakaribia, wakaanza kuita. Waliita polepole, kwa sauti ya upole, jina baada ya jina, wakiacha nafasi kati ya moja na lingine ili mtu aliyeitwa apate kuja. Waliita wa upande wa baba. Waliita wa upande wa mama. Chelang'at aliweka kitunguu juu ya kitunguu. Kikaanguka, naye akakirudisha.

"Huyu ni mgumu," Sally alisema, na kicheko chake hakikufika mbali. "Hata Tapkigen hakuwa mgumu hivi."

Mlangoni, Wacera alikuwa amesimama na kisu mkononi, kabichi nusu imekatwa.

"Mama Kipkirui," alimwambia Phyllis, "naomba kusema kitu. Mtanisamehe, haya si ya kwetu."

"Sema."

"Juzi pikipiki ilipiga honi nyuma yake pale kwangu. Kila mtu akaruka. Yeye hapana. Nilimvuta kwa nguo, na aliponiona akacheka. Nikasema labda ni mchezo." Alishusha kisu. "Sasa mnamwita, na yeye ametupa mgongo. Na kama hasikii mnayoyaita?"

Mmoja wa wanawake akasonya. "Nyinyi watu wa soko! Kila kitu mnataka kupima."

"Mwacheni," Sally akasema.

Phyllis aliingia jikoni, akarudi na kibuyu na kijiti. Akasimama nyuma ya mjukuu wake, mahali ambapo kivuli chake hakikumfikia, akasugua. Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ikajaza chumba. Hata paka aliinua kichwa.

Chelang'at akachagua kitunguu kingine.

Phyllis akasugua tena kwa nguvu zaidi, karibu na shingo yake. Kisha akazunguka, akachuchumaa mbele, akauchukua mkono mdogo na kuuweka juu ya tumbo la kibuyu huku akisugua. Mtoto akahisi mtetemo. Uso ukafunguka. Akatazama kibuyu, akatazama mdomo wa bibi yake, akaanza kuungoja.

"Muuguzi alisema," Phyllis alisema taratibu. "Aliniambia, na mimi nikaitikia."

Sally alifunga tumbaku yake kwenye kitambaa, akaiweka kifuani.

"Jina halina haraka," alisema. "Waliokufa watangoja. Nitafutieni shuka la kumbebea Jumatatu, tunampeleka hospitali."

Mwanamke wa ukoo akauliza kama hawangeweza kwanza kutia samli ya vuguvugu masikioni, kama zamani.

"Usitie kitu kwenye sikio usilojua lina nini," Wacera alisema, na safari hii hakuna aliyesonya.

Jumatatu asubuhi na mapema, Sally, ambaye alisema akikaa hatainuka, alimbeba mtoto mgongoni hadi barabarani, ingawa magoti yalimlilia. Wacera alifunga kibanda chake siku ya soko ili akamue ng'ombe wa Phyllis na kumpikia Chepkemboi. Mambo haya Phyllis aliyaona yote na kuyaweka moyoni.

*

Mtaalamu wa masikio katika hospitali kubwa ya kaunti aliitwa Momanyi. Alikuwa kijana mrefu, na kabla ya kumgusa mtoto alipiga magoti, akamwachia ashike taa yake.

Aliangalia masikio. Hayakuwa na usaha wala nta, na ngoma zilikuwa nzima. "Surua mara nyingi huleta usaha ndani," alieleza. "Huo tungeutibu. Lakini hapa haupo." Akaweka kitu laini kama kizibo, kilichounganishwa na mashine ndogo, katika sikio moja, kisha la pili. Mashine hiyo hupeleka mlio mdogo ndani, na sikio lenye afya hurudisha mwangwi. Masikio ya Chelang'at hayakurudisha. Baadaye, mtoto akiwa amelala mapajani mwa bibi yake, walimbandika vipande vya waya kichwani na nyuma ya masikio, ili waone kama mlio unafika kwenye ubongo. La kulia halikuonyesha kitu. La kushoto lilijibu milio mikubwa tu.

"Ndani kabisa," Momanyi alisema, "kuna kitu kama nyumba ya konokono, na ndani yake vinyweleo vidogo sana. Ndivyo vinavyopokea sauti. Virusi vimeviharibu, na havioti tena."

"Dawa?"

"Dawa ya kuvirudisha hatuna, Mama."

Phyllis aliukunja ukingo wa shuka, akaukunjua.

"Kama ningemleta mapema, kama alivyosema muuguzi?"

Momanyi hakukimbilia kumfariji. "Sijui. Mtu mzima akipoteza kusikia ghafla, tukimpata siku za kwanza tunampa dawa, na wengine husaidika. Kwa mtoto aliyetoka kwenye surua siwezi kukuapia. Lakini hili nalijua. Alikuwa ameanza kusema, na maneno ya umri huu hayajashika mizizi. Mtoto asiposikia, yanamtoka. Ungemleta mwaka ujao, ungeniletea bubu. Umemleta yakiwa bado mdomoni."

Alisema atawekewa vifaa vya kusikia, na mwalimu wa usemi atamfundisha yeye na nyumba nzima. Wamtazame usoni wakisema. Watumie mikono pia, si aibu. Na wamrudishe kila watakapoambiwa, kwa sababu sikio la kushoto linaweza kushuka tena, na vifaa visipotosha kuna njia nyingine ambazo ni vizuri wazizungumze mapema.

"Tutakuja," Phyllis alisema. Safari hii hakuitikia tu. Alimwomba Momanyi arudie, kisha yeye mwenyewe akarudia yote mbele yake, polepole, mpaka kijana akaridhika.

*

Vifaa vilipokuja, Chelang'at alivichomoa na kuvitupa kwa kuku. Wakavirudisha. Akalia siku nyingine, kisha akasahau kulia.

Usiku alivivua, basi kabla ya mapambazuko kibuyu kilikuwa kazi ya mtu mmoja. Phyllis alijifunza kusugua nusu, kwenda kumgusa mguu mjukuu wake, kumvalisha vifaa, kisha kumalizia nusu ya pili jikoni akiwa amekaa naye.

Siku moja Sally alikuja, na Wacera akaleta vitunguu. Sally aliinama mbele ya uso wa mtoto hadi pua zikakaribiana.

"Tapkigen," alisema.

Mtoto alitazama midomo ile, akashika sikio lake la kushoto, akacheka.

"Ni lake," Sally alitangaza. "Lilikuwa lake siku zote. Sisi ndio tulioita kutoka nyuma."

Wakanywa chai. Wacera alipoinuka kwenda kibandani, Chelang'at alimfuata hadi kizingitini, akamvuta nguo kama alivyowahi kuvutwa yeye. Aliungoja uso ugeuke. Kisha maneno yakatoka, mazito na yamepinda kidogo, lakini yote mawili yakiwa mazima.

"Kuja tena."