Kura za Bluu

Mimi hufundisha Historia. Hesabu tuliachana kidato cha pili, kwa amani. Lakini sekondari yetu hapa Igogo, mwenye mwandiko mzuri ndiye hupewa karatasi ya manila, na mwandiko wangu hauna mpinzani. Hivyo baada ya uchaguzi wa kiranja mkuu nikachora matokeo kwenye duara: Bushra asilimia 45, nyekundu, Elias 30, kijani, Mayala 25, njano. Nikapima nyuzi 45, nyuzi 30, nyuzi 25. Likabaki pande kubwa tupu. Nikalipaka bluu, lipendeze. Namba sikuandika, nisichafue kazi.

Kura na karatasi ya hesabu zikaenda jikoni kuwashia moto wa makande. Ndio utaratibu wetu, asije mtu akachunguza nani kampigia nani.

Jumatatu Mkuu wa shule, Mwalimu Machibya, akarudi kutoka semina. Yeye ni mtu wa Hisabati. Akaweka protrakta yake juu ya manila, akaniita ofisini pamoja na wagombea.

"Nyekundu nyuzi 45. Gawanya kwa 360, zidisha kwa mia: kumi na mbili na nusu. Mwalimu Revocatus, huyu binti kapata asilimia kumi na mbili na nusu tu. Hii bluu ina zaidi ya sabini na mbili! Nani huyu?"

"Ni rangi tu, Mkuu. Bushra alipata 45, naapa."

"Karatasi iko wapi?"

"Imeiva na makande."

Elias, aliyekuwepo wakati wa kuhesabu, ghafla hakukumbuka chochote. Mkuu akatamka kwamba uchaguzi utarudiwa. Bushra akainamisha kichwa, machozi yakimlenga. Niliumia sana. Mtoto kashinda kihalali, na mimi nimemnyang'anya kwa penseli ya rangi!

"Shikamoo, Mwalimu," Bushra akamwambia Mkuu ghafla. "Naomba nipime."

"Marahaba. Pima."

Akapima vipande vitatu. "Arobaini na tano, thelathini, ishirini na tano. Jumla ni mia kamili, Mwalimu. Nyuzi zijumlike mia hivihivi tu? Mwalimu Revocatus amechora asilimia kama nyuzi. Asilimia moja ni nyuzi tatu nukta sita."

Mkuu akahesabu kwa midomo. Kisha akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili.

"Binti, mpe penseli. Achore upya mbele yetu."

Nikachora jasho likinitoka, Bushra akinitajia: yeye 162, Elias 108. Kwa Mayala nikaweka 90, na mstari wangu ukaangukia palepale nilipoanzia. Nilifurahi hadi nikamkumbatia Elias.

"Na bluu?" Mkuu akauliza.

"Imeshindwa uchaguzi, Mwalimu," akajibu kiranja mkuu.