Cheche ya Pasi

Mimi si mtu wa kusamehe haraka, na padri wangu anajua. Kila Kwaresima ananiuliza kama nimekwisha kuzungumza na Jemima, na kila mara namjibu kwamba nitazungumza naye siku jicho langu la kushoto litakaporudi. Anatikisa kichwa. Yeye ana macho mawili.

Jemima alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza hapa Bulengera. Mimi nikawa fundi wa nguo, yeye akawa msaidizi wa muuguzi katika zahanati ya mtaa, na mwaka wa 2001, vita vikiwa vimetuzunguka pande zote, akapata mchumba. Harusi ikapangwa Jumamosi. Gauni nilipaswa kulishona mimi, nani mwingine? Nilikataa kazi za watu wengine wiki nzima kwa ajili yake.

Jumatano asubuhi alikuja kulijaribu. Mkono mmoja wa gauni ulikuwa bado, na upindo wa chini wote. Nilitaka kunyoosha mshono wa kiuno, makaa ya pasi yakawa yamepoa, nikainama nikayapuliza. Kosa la mtoto. Cheche iliruka ikaniingia jichoni.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kulisugua. Jemima akaukamata.

Lazima niseme kweli: mwanzoni alifanya kila kitu sawasawa, na ndiyo maana inaniuma zaidi. Alinawa mikono kwa sabuni. Akachukua maji yaliyochemshwa yakapoa, akaniinamisha kichwa upande wa jicho bovu, akayamimina polepole kuanzia pembe ya puani kwenda nje, akaniambia nipepese. Akavuta kope la chini akatazama: safi. Akaniambia niangalie chini, akalikunja kope la juu juu ya njiti ya kiberiti, na huko akakuta punje ya majivu, akaiondoa kwa ncha ya kitambaa safi kilicholowa. Mwaka uliotangulia alikuwa amenitoa mchanga wa barabarani vivyo hivyo, nikainuka nikarudi kwenye cherehani.

Safari hii maumivu hayakuondoka. Kila nilipopepesa, kitu kilikwaruza. Akanipeleka mlangoni kwenye mwanga, akatazama kwa muda mrefu. Palikuwa na nukta nyeusi imeganda kwenye kioo cha jicho, ile sehemu ya mbele inayong'aa juu ya weusi. Akamimina maji tena mara moja. Nukta haikusogea.

Nilijua maana yake, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha siku ile ya mchanga. Kitu kikiwa kwenye weupe au chini ya kope, jaribu kwa maji na kitambaa. Kikikaa kwenye kioo na maji yakakishindwa, mkono unasimama. Hakiguswi tena, wala kwa kitambaa, wala kwa sindano, wala kwa ulimi wa bibi. Unafunika bila kukandamiza, unakwenda kwa mtu wa macho.

Mtu wa macho wa kwetu alikuwa amekimbia vita. Aliyebaki alikuwa mjini Beni, mtaa wa Bungulu, na msafara wa malori ungeondoka kesho yake. Nikamwambia Jemima kwamba nitapanda lori. Alikuwa anatazama gauni lililoning'inia ukutani na mkono wake mmoja. Mimi, mjinga, nikadhani ananihurumia.

Akasema nimsubiri. Alikwenda zahanati akarudi na kichupa kidogo cha matone, hakina karatasi ya jina. Akanidondoshea tone moja. Lilichoma kidogo, kisha maumivu yakazimika kabisa, nikacheka kwa furaha. Akainama na kitambaa chake, akagusagusa, akanyanyuka.

“Imetoka, ma chère,” alisema. “Kama inauma tena, weka tone moja. Beni ya nini sasa?”

Nikaacha lori liende.

Nilishona siku tatu. Likianza kuuma, tone. Baada ya saa, tone tena. Ijumaa nikaona ukungu kwenye uzi, nikamwambia, akasema ni uchovu tu, mais courage, nijikaze. Jumamosi gauni lilikuwa limekamilika, na watu walilisifu kuliko mahubiri ya padri. Nilicheza ngoma mpaka viatu vikakatika.

Jumapili maharusi wakaenda Mangina kwa wakwe, na kichupa changu kikaisha.

Sitaki kueleza maumivu yale. Jicho lilikuwa jekundu kama nyama ya buchani, mwanga wa mlangoni ulinifanya nilie, na katikati ya weusi palikuwa na doa jeupe. Muuguzi wa zahanati alipoliona, alishika mdomo. Alinipa marhamu ya kuzuia vijidudu, akalifunika, akasema Beni, leo leo. Lakini leo barabara ilikuwa imefungwa. Watu wenye bunduki walikuwa wanagombania kilima fulani, sijui kwa faida ya nani, na mimi nilikaa siku tisa chumbani nikihesabu milio yao.

Mtu wa macho wa Beni alikuwa Monsieur Kalala, Mkasai, mtu wa mkoa wa mbali, aliyetumwa na serikali zamani na kusahauliwa huko. Alinikalisha kitini, akachukua kichupa chake mwenyewe, akanidondoshea tone moja.

Lilichoma kidogo. Kisha maumivu yakazimika kabisa.

Nikamshika mkono. Nikamwambia dawa hii ninaijua, nimeitumia siku nne. Akakaa chini. Nikamtolea kichupa cha Jemima kutoka kwenye mkoba, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya gundi iliyobaki.

“Mama, hii karatasi haikujitoa yenyewe,” alisema. “Mutu aliikwangua. Hii ni dawa ya ganzi. Ni ya munganga, tone moja tu, juu nipate kufanya kazi. Haiendake ku nyumba. Jicho ikikosa kusikia maumivu, kidonda haifungike, na wewe haujue kama unaoza.”

Kisha akatazama kwa kioo chake cha kukuzia, akachukua kifaa chenye ncha ndogo, akaniambia nisipumue. Alinionyesha kwenye pamba kilichotoka. Kilikuwa mkaa. Haukuwa umetoka kamwe.

Alikitibu kidonda kwa wiki tatu. Doa lilibaki. Kwa jicho lile ninatofautisha mchana na kivuli, basi. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na mimi nguo niliishona mwenyewe.

Jemima alikuja baada ya miezi miwili, amenona, amebeba bahasha. Alisema amesikia, amelia sana, ni mapenzi ya Mungu. Nikamwambia amwache Mungu. Nikamuuliza jambo moja tu: siku ile, alipoinuka na kitambaa, aliona nini?

Aliiweka bahasha mezani.

“Ilikuwa ingali mu jicho,” alisema. “Nilisema siku tatu tu, Kaswera. Kisha ungeenda. Sikujua barabara itafungwa. Gauni ilikuwa na mukono moja.”

Nikamfungulia mlango. Bahasha aliiacha mezani, na nilikaa wiki nzima bila kuigusa. Ndani yake mlikuwa na picha ya harusi. Mimi nimesimama kando ya bibi harusi nimeshika shela, nimecheka mpaka ufizi unaonekana. Watu wote tunamtazama mpiga picha. Jemima peke yake amegeuza uso, anatazama jicho langu la kushoto.