Maharagwe ya Tantine Olga

Olga alipokuja kukaa kwa kaka yake Jean-Marie, kule Kibabi, wifi yake Verdiane alimpokea vizuri. Alimpa kitanda cha karibu na ukuta na shuka iliyo mpya kuliko zote. Wivu ulikuja baadaye, na ulikuja kwa ajili ya mtoto.

Gaëlle, binti pekee wa Verdiane, alikuwa na miaka mitano na alikuwa na kigugumizi. Neno lilimkwama mdomoni, herufi ya kwanza ikajirudia, macho yakajifumba. Verdiane alimpenda kupita kiasi na hakuacha kumsaidia: vuta pumzi, anza upya, sema polepole. Mara nyingi alimmalizia neno. Gaëlle akawa mtoto wa kuonyesha vitu kwa kidole badala ya kusema.

Olga alikuwa akifundisha watoto wa maternelle, yaani chekechea, kule Kashuga, na sasa shule zilikuwa zimefungwa. Kila mchana alikaa na Gaëlle, aliyemwita tantine, yaani shangazi, kwenye mkeka nyuma ya jikoni, wakichagua maharagwe. Mmoja anaokota punje, anaitupa kikapuni; mwingine anaokota yake. Hapakuwa na zaidi ya hapo.

Siku moja Verdiane alirudi kutoka shambani mapema, akasikia sauti nyuma ya jikoni. Alikuwa Gaëlle. Alikuwa akisimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyoingia kanisani wakati wa sala. Alikwama kwenye "mbuzi", akakwama tena kwenye "pasta", lakini aliendelea, na Olga hakumharakisha. Alimtazama kwa utulivu kama mtu anayesikiliza habari nzuri, akangoja, kisha akatupa punje yake.

Verdiane alisimama na jembe begani. Hadithi ndefu namna ile yeye hakuwahi kupewa. Yeye ndiye aliyemzaa mtoto, na mtoto maneno anampelekea mwingine.

Jioni, baba mtu, Jean-Marie, alipokaa kula, Verdiane alimtaka Gaëlle aseme ile habari ya mbuzi mbele ya wote. Mtoto akafungua mdomo. Mama akamwambia avute pumzi. Sauti ikagoma kabisa, Gaëlle akajipiga paja kwa ngumi, akaenda kulala bila kumaliza ugali wake. Kesho yake hakusema na mtu yeyote, hata na Olga.

Verdiane alimfuata wifi yake kisimani.

"Ulimuzoeza kwako," alisema. "Sasa kwangu miye anafunga kinywa."

Olga alitua bidoni yake ya maji. Alikuwa na haki ya kukasirika, lakini alijibu kwa sauti ya chini.

"Mama Gaëlle, siko na dawa. Kigugumizi iko palepale, hata kwangu. Miye simuulizi kitu, simurekebishi, na simusifu siku ameongea vizuri. Naongea polepole miye mwenyewe, kisha nangoja. Njo ile tu, hakuna ingine."

Verdiane hakumwamini. Lakini siku ile ile mchana alitandika mkeka yeye mwenyewe, na Olga akaenda kuchuma sombe, majani ya muhogo, ili asiwepo.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Verdiane alishika punje, akauliza ni ya rangi gani. Akauliza ziko ngapi. Akauliza tantine huwa anasema nini. Gaëlle aliinama tu. Alipoanza kuinuka, mama aliona kwamba alikuwa akimpa mtihani. Akaacha maswali. Akaokota punje, akaigeuza.

"Yangu... iko nyekundu," alisema taratibu, bila kumwangalia mtoto kama hakimu. Akaitupa kikapuni.

Gaëlle akakaa tena. Akaokota yake, akaitupa kimya. Mama akaokota nyingine, akasema ile imekunjamana kama uso wa bibi. Gaëlle akaokota punje nyingine, akaigeuza. Halafu:

"Ya... ya... ya-yangu..."

Neno lililofuata Verdiane alilijua, liliruka hadi kwenye meno yake. Alilimeza. Mikono akaiacha itulie mapajani, na uso wake akaulegeza kwa nguvu zote.

"...iko na ma-madoa."

"Eeh, madoa," alisema Verdiane. "Ilinyeshewa mvua, labda."

Gaëlle alicheka. Kisha akasema mvua ile ilikuwa ya jana, akaeleza ilivyopiga bati, akikwama na kupita, na jua likashuka wakiwa bado wanatupa punje.

Olga aliporudi na sombe, mtoto alimkimbilia na kumwambia kila kitu. Verdiane aliona wivu tena. Haukuwa umekwisha. Lakini alisogea pembeni ya mkeka, akamwambia wifi yake akae, wachague maharagwe wote watatu.

Olga alirudi Kashuga shule zilipofunguliwa. Gaëlle alilia barabarani mpaka pikipiki iliyomchukua tantine ikapotea, na Verdiane alimbeba mgongoni kurudi nyumbani, akifurahi kidogo na kuona aibu kwa furaha ile. Njiani mtoto alianza kumuuliza jambo. Swali lilichukua kipande kizima cha mlima hadi kumtoka mdomoni, na mama alipunguza mwendo, akangoja.